Utenganishaji wa Masafa katika Uondoaji wa Doa kwenye Picha ya Kitambaa: Mfano wa Doa la Kahawa kwenye Kikoi Cheupe

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna doa linavyoweza kuondolewa kwenye picha ya kidijitali ya kitambaa bila kuuharibu mwonekano wa nyuzi zilizofumwa. Mbinu inayojadiliwa ni utenganishaji wa masafa, yaani kuigawa picha katika tabaka lenye mabadiliko ya taratibu ya rangi na mwanga, na tabaka lenye mabadiliko ya haraka yanayoletwa na nyuzi. Hoja kuu ni kwamba mgawanyo uliozoeleka, ule wa kutoa, hauwezi kurejesha umbile la ufumaji chini ya doa kwa ukamilifu, kwa sababu doa halijumlishwi kwenye mwanga wa kitambaa bali huuzidisha kwa kiasi fulani. Mgawanyo wa kugawanya, au wa logarithimu, ndio unaolingana na tabia hiyo. Mfano uliotumika ni wa doa la kahawa kwenye kikoi cheupe cha pamba chenye ukingo wa mistari ya rangi.

1.0 Utangulizi

Mtu anayetazama picha ya kitambaa huhukumu mambo mawili kwa pamoja: rangi na mfumo wa nyuzi. Mfumo huo ndio unaomwezesha kujua kama kitambaa ni kizito au chepesi, kama kimefumwa kwa mkono au kwa mashine, na kama nyuzi zake ni sawasawa au zina vinundu. Kwa hiyo, mhariri wa picha anayeondoa doa kwa kupaka rangi juu yake, au kwa kulitia ukungu, hubadilisha kosa moja kwa jingine. Doa huondoka, lakini mahali pake hubaki kiraka laini kisicho na nyuzi, na jicho la mtazamaji hukiona kiraka hicho upesi kuliko lilivyoliona doa lenyewe.

Utenganishaji wa masafa hujulikana zaidi katika uhariri wa picha za nyuso, ambako hutumika kusawazisha rangi ya ngozi bila kufuta vinyweleo. Msingi wake wa kinadharia ni wa zamani kidogo. Mwaka 1983 Burt na Adelson walionyesha kwamba picha inaweza kugawanywa katika ngazi kadhaa za masafa, kila ngazi ikashughulikiwa peke yake, kisha zote zikaunganishwa na kutoa picha kamili. Programu za leo hufanya jambo hilohilo kwa ngazi mbili tu. Hata hivyo, kitambaa si ngozi. Vinyweleo vya ngozi havina mpangilio maalumu, ilhali nyuzi za kitambaa hujirudia kwa hatua zinazohesabika. Jambo hilo hurahisisha sehemu moja ya kazi na kuifanya sehemu nyingine kuwa ngumu zaidi, kama itakavyoonekana.

2.0 Kupima Nyuzi Kabla ya Kuchagua Ukungu

Chukuliwe picha yenye upana wa pikseli 6000 iliyopigwa kwa kuelekeza kamera moja kwa moja juu ya kikoi, na ambayo upana wake wote unabeba sentimita 60 za kitambaa. Kila sentimita basi ina pikseli 100. Ikiwa kikoi hicho kina nyuzi 20 kwa sentimita, katika mtande na katika mshindio pia, kila uzi utachukua pikseli 5. Katika ufumaji sahili, ambapo mshindio hupita juu ya uzi mmoja wa mtande na chini ya unaofuata, mchoro hujirudia kila baada ya nyuzi mbili. Urefu wa marudio ni pikseli 10. Namba hii moja ndiyo inayoongoza kazi yote inayofuata, na si lazima ikokotolewe kutokana na vipimo vya kitambaa: mhariri anaweza kuikuza picha, akahesabu marudio 20 kwa mstari ulionyooka, kisha akagawanya idadi ya pikseli kwa 20.

Tabaka la masafa ya chini, ambalo humu litaitwa tabaka la rangi, hupatikana kwa kuitia picha ukungu wa Gauss. Tabaka la masafa ya juu, litakaloitwa tabaka la nyuzi, ni kile kinachobaki baada ya tabaka la rangi kuondolewa kwenye picha ya asili. Swali la kwanza ni ukubwa wa ukungu. Ukungu wa Gauss wenye mkengeuko sanifu σ hupunguza wimbi lenye urefu wa marudio P kwa kiasi cha

```
exp(-2 * π² * σ² / P²)
```

Kwa P ya pikseli 10, ukungu wa σ = 2.5 huacha takribani asilimia 29 ya umbile la nyuzi ndani ya tabaka la rangi. Hicho ni kiasi kikubwa, kwa maana rangi ikisawazishwa, sehemu hiyo ya nyuzi itafutwa pamoja na doa. Ukungu wa σ = 4 huacha asilimia 4, na wa σ = 5 huacha chini ya asilimia 1. Kanuni inayotokana na hesabu hii ni nyepesi kukumbuka: σ iwe nusu ya urefu wa marudio ya ufumaji.

Wahariri wengi huchagua ukungu mkubwa zaidi ya huo kwa kudhani kwamba ukizidi haudhuru. Dhana hiyo si sahihi pale ambapo doa lina ukingo mkali, na doa la kahawa linao. Deegan na wenzake walieleza mwaka 1997 kwamba tone la kimiminika linapokauka, uvukizi wa ukingoni huvuta kimiminika kutoka katikati, na chembe zilizomo hurundikana pembeni na kuacha pete. Maelezo yao yalihusu tone juu ya uso mgumu. Katika kitambaa kimiminika husafiri pia kwa kunyonywa na nyuzi, lakini tokeo lionekanalo linafanana: katikati ya doa ni hafifu, ukingo ni mweusi. Pete yenye upana wa milimita 1 katika picha ya mfano ina pikseli 10, na kwa makadirio hutenda kama nusu ya wimbi lenye urefu wa pikseli 20. Kwa σ = 5, asilimia 29 tu ya pete hiyo hukaa katika tabaka la rangi; asilimia 71 huingia katika tabaka la nyuzi. Kwa σ = 8, kinachobaki katika tabaka la rangi ni asilimia 4 tu.

Maana yake ni kwamba hakuna ukungu unaoweza kuitenga pete na nyuzi kabisa, kwa kuwa vyote viwili vina ukubwa unaokaribiana. Kinachowezekana ni kuchagua ukungu mdogo kabisa unaotosha kuziondoa nyuzi katika tabaka la rangi, na kukubali kwamba sehemu ya pete itashughulikiwa kando. Mwongozo unaodai kwamba doa lote hukaa katika tabaka moja na nyuzi zote katika jingine unaeleza doa ambalo halipatikani mara nyingi.

3.0 Mgawanyo wa Kutoa na Kasoro Yake

Katika programu ya Photoshop, utaratibu uliozoeleka huanza kwa kunakili tabaka la picha mara mbili. Nakala ya chini hutiwa `Gaussian Blur`. Nakala ya juu hufunguliwa `Apply Image`, ambapo nakala ya chini huchaguliwa kuwa chanzo, na `Blending` huwekwa kuwa `Subtract`, `Scale` kuwa 2 na `Offset` kuwa 128. Kisha nakala ya juu hubadilishwa namna ya kuchanganyika kuwa `Linear Light`. Kugawanya kwa 2 na kuongeza 128 kunatokana na ukweli kwamba tofauti ya picha mbili inaweza kuwa hasi, na programu haihifadhi thamani hasi. Hivyo sifuri huhamishiwa kwenye kijivu cha katikati. `Linear Light` hufanya kinyume chake, na picha ya asili hurudi kama ilivyokuwa. Kwa picha ya biti 16, ambayo ndiyo inayofaa kwa kazi hii kwa sababu kugawanya kwa 2 hupoteza usahihi, `Blending` huwa `Add`, `Invert` hutiwa alama, `Scale` hubaki 2 na `Offset` huwa 0. Katika GIMP, kazi hiyohiyo hufanywa kwa `Grain extract` na `Grain merge`.

Utaratibu huu ni sahihi kihesabu, kwa maana matabaka mawili yakiunganishwa bila kuguswa hutoa picha ileile. Kasoro hujitokeza pale tabaka la rangi linapobadilishwa.

Doa la kahawa ni kama kioo chembamba cha rangi ya hudhurungi kilichowekwa juu ya pamba. Mwanga hupungua unapoingia na hupungua tena unapotoka, na kiasi kinachopungua ni sehemu ya mwanga uliopo, si kiwango kisichobadilika. Tuseme katika mkondo wa buluu, kwa thamani za mwanga halisi kuanzia 0 hadi 1, pamba safi ina wastani wa 0.76, na nyuzi zake hupanda na kushuka kati ya 0.82 na 0.70. Doa likipunguza mwanga huo kwa nusu, wastani chini ya doa utakuwa 0.38, na nyuzi zitapanda na kushuka kati ya 0.41 na 0.35. Umbali kati ya kilele na bonde ulikuwa 0.12, sasa ni 0.06.

Mgawanyo wa kutoa huhifadhi 0.06 hiyo katika tabaka la nyuzi. Mhariri anapopandisha tabaka la rangi kutoka 0.38 hadi 0.76 na kuunganisha, anapata nyuzi zinazocheza kati ya 0.79 na 0.73. Rangi imepona, lakini umbile la nyuzi lina nusu tu ya nguvu ya umbile la jirani yake. Hiki ndicho kiraka laini ambacho wahariri hukilalamikia na ambacho mara nyingi hudhaniwa kuwa kimetokana na ukungu mbaya. Kuongeza au kupunguza ukungu hakukiondoi. Picha iliyohifadhiwa kwa thamani za kawaida za sRGB, ambazo hazilingani moja kwa moja na mwanga halisi, hupunguza kasoro hii: nusu ya mwanga huwa takribani 0.73 ya thamani iliyohifadhiwa, hivyo nguvu inayopotea ni karibu asilimia 27 badala ya 50. Imepungua, haijaisha.

4.0 Mgawanyo wa Kugawanya

Ikiwa tabaka la nyuzi litapatikana kwa kuigawanya picha kwa tabaka la rangi badala ya kutoa, hali hubadilika. Kwenye pamba safi kilele cha uzi ni 0.82 ÷ 0.76, yaani takribani 1.08, na bonde ni 0.92. Chini ya doa, kilele ni 0.41 ÷ 0.38 na bonde ni 0.35 ÷ 0.38, ambazo ni namba zilezile. Doa limetoweka katika tabaka la nyuzi, isipokuwa pale penye pete. Tabaka la rangi likirejeshwa kuwa 0.76 na kuzidishwa, nyuzi hurudi kati ya 0.82 na 0.70 kama jirani zake.

Kugawanya huku ni sawa na kutoa baada ya kuchukua logarithimu ya picha, na kwa namna hiyo hesabu hurudi kuwa ya kujumlisha na kutoa tu. Oppenheim, Schafer na Stockham walilieleza wazo hili mwaka 1968 kwa mawimbi yaliyozidishwa, zikiwemo picha ambazo mwanga wa chumba umezidishwa na uakisi wa vitu. Kuna faida nyingine ambayo haitajwi mara nyingi. Logarithimu ya thamani ya sRGB inakaribia kuwa logarithimu ya mwanga halisi iliyogawanywa kwa 2.2, hivyo mhariri hahitaji kwanza kuirejesha picha katika thamani za mwanga halisi.

Sehemu iliyobaki ni namna ya kurekebisha tabaka la rangi. Wengi huchagua eneo la doa kwa `Lasso` yenye ukingo laini na kulitia `Gaussian Blur` kubwa. Njia hiyo hailiondoi doa, hulitawanya. Rangi ya kahawa iliyokuwa katika eneo la sentimita 4 husambaa katika sentimita 6, na kitambaa huonekana kana kwamba kimepitwa na maji machafu. Wengine hupaka rangi ya pamba safi kwa brashi. Hiyo ni afadhali, ila hufuta pia vivuli vya mikunjo ya kitambaa, na vivuli hivyo ni vya tabaka la rangi kama doa lilivyo. Masafa peke yake hayawezi kumwambia mhariri kipi ni kivuli na kipi ni kahawa.

Rangi ndiyo inayoweza kutofautisha. Kivuli cha mkunjo hupunguza nyekundu, kijani na buluu kwa viwango vinavyokaribiana. Kahawa hupunguza buluu sana na nyekundu kidogo. Katika mfano huu, pamba safi ina nyekundu 0.80 na buluu 0.76, katikati ya doa, mahali pasipo na mkunjo, nyekundu ni 0.72 na buluu ni 0.38. Nyekundu imebaki 0.9 ya awali, buluu imebaki 0.5. Kwa logarithimu asilia, upungufu ni 0.105 kwa nyekundu na 0.693 kwa buluu, na uwiano wake, utakaoitwa k, ni 0.152. Uwiano huu haubadiliki sana doa linapokuwa zito au hafifu, almradi ni la kimiminika kilekile.

Sasa ichukuliwe sehemu ya doa iliyo ndani ya mkunjo, ambapo nyekundu ni 0.54 na buluu ni 0.285. Uwiano wa buluu kwa nyekundu ni 0.528, ilhali kwenye pamba safi ni 0.95. Kivuli hakiwezi kuuleta upungufu huo. Umeletwa na kahawa peke yake. Logarithimu ya 0.528 ÷ 0.95 ni −0.588, na ikigawanywa kwa 1 − k, yaani 0.848, hutoa −0.693. Doa basi limepunguza buluu kwa nusu na nyekundu kwa moja ya kumi. Pasipo doa, sehemu hiyo ingekuwa na buluu 0.57 na nyekundu 0.60, ambazo ni robo tatu kamili ya thamani za pamba safi. Robo tatu hiyo ni kivuli cha mkunjo, nacho kimebaki mahali pake bila kuguswa.

Katika Python, kwa kutumia maktaba ya OpenCV, hatua hizo zinaandikwa hivi. Ikumbukwe kwamba OpenCV huweka buluu kwanza na nyekundu mwisho.

```python
l = np.log(g.astype(np.float32) + 1)
chini = cv2.GaussianBlur(l, (0, 0), 5)
juu = l - chini
B, R = chini[..., 0], chini[..., 2]
d = np.minimum((B - R - c) / (1 - k), 0) * kinyago
chini[..., 0] -= d
chini[..., 2] -= k * d
```

Hapa `g` ni picha ya biti 16, `c` ni tofauti ya logarithimu ya buluu na nyekundu kwenye pamba safi, na `kinyago` ni picha ya kijivu yenye 1 ndani ya doa na 0 nje yake, ikiwa na ukingo laini. Mkondo wa kijani hurekebishwa kwa namna ileile, kwa uwiano wake wenyewe unaopimwa mahali palepale k ilipopimwa. Picha hurudishwa kwa `np.exp(chini + juu) - 1`.

Msomaji makini atauliza kwa nini hesabu hii isifanywe kwenye picha nzima bila kuitenganisha, maana haihitaji masafa yoyote. Jibu lipo katika kelele za kihisio cha kamera. Tofauti ya mikondo miwili hubeba kelele za mikondo yote miwili, na mkondo wa buluu chini ya doa ndio wenye mwanga mdogo kuliko yote. Hesabu hiyo ikifanywa pikseli kwa pikseli, kelele hupandishwa pamoja na rangi na kitambaa hujaa chembe za buluu na njano. Ikifanywa katika tabaka la rangi, ambalo ukungu umeshazisawazisha kelele zake, doa hukadiriwa kwa utulivu.

5.0 Pete Iliyobaki katika Tabaka la Nyuzi

Baada ya tabaka la rangi kurekebishwa, picha iliyounganishwa huonyesha mstari mwembamba wa hudhurungi unaofuata ukingo wa doa, ukiwa na ung'avu kidogo pande zake mbili. Hii ni ile sehemu ya pete iliyoingia katika tabaka la nyuzi. Zipo njia mbili za kuiondoa, na uchaguzi unategemea ubora wa picha.

Njia ya kwanza ni kuazima umbile kutoka mkondo wa nyekundu. Kwenye pamba nyeupe, kupanda na kushuka kwa nyuzi ni suala la mwanga na kivuli, wala si la rangi. Kwa hiyo, katika logarithimu, tabaka la nyuzi la nyekundu na la buluu karibu ni sawa. Pete ya kahawa ni hafifu sana katika nyekundu. Ndani ya kinyago chembamba kinachofuata pete, tabaka la nyuzi la buluu na la kijani hubadilishwa na lile la nyekundu, na pete hutoweka huku kila uzi ukibaki ni uzi uleule uliokuwapo. Njia hii ndiyo inayopaswa kupendelewa kwa sababu haibuni kitu. Inahitaji, hata hivyo, picha iliyotolewa kwenye faili ghafi ya kamera. Faili ya JPEG kwa kawaida huhifadhi rangi kwa nusu ya usahihi wa mwanga, na hugawanya picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8. Kwenye nyuzi za pikseli 5, tofauti za rangi baina ya mikondo haziaminiki tena.

Njia ya pili ni kunakili sehemu safi ya tabaka la nyuzi kwa `Clone Stamp`, `Sample` ikiwa `Current Layer` na `Aligned` ikiwa imetiwa alama. Ugumu wake ni mpangilio. Umbali kati ya chanzo na mahali pa kubandika ni lazima uwe kizidisho kamili cha pikseli 10, kwa mtande na kwa mshindio. Chanzo kikisogea pikseli 5, kilele huangukia bondeni, na mahali ambapo uzi ulipaswa kupita juu, sasa unapita chini. Mshono huonekana hata picha ikipunguzwa. Brashi laini, ambayo wengi huitumia ili kuficha mshono, huzidisha tatizo hili, kwa kuwa katika ukingo wake maumbile mawili yanayopingana huchanganywa na kufutana, na ukanda usio na nyuzi huzaliwa. Brashi yenye ukingo mgumu kiasi, inayobandikwa kwa kufuata uzi uleule wa mshindio, hutoa matokeo bora. Kwa kikoi kilichofumwa kwa mkono kufuata uzi uleule ni muhimu zaidi, kwa sababu uzi mnene huendelea kuwa mnene kwa sentimita kadhaa, na kuukatisha ghafla ni jambo ambalo mfumaji yeyote angelitambua.

6.0 Ukingo wa Mistari ya Rangi

Pale doa linapovuka kutoka kwenye weupe hadi kwenye mstari wa rangi wa ukingo wa kikoi, mambo mawili huharibika kwa pamoja. Kwanza, thamani ya `c` iliyopimwa kwenye pamba nyeupe haifai kwenye uzi uliotiwa rangi. Pili, na hili ndilo linalowakwaza wengi, ukungu huchanganya rangi ya mstari na ya weupe katika ukanda wa takribani pikseli 10 kila upande wa mpaka. Tabaka la nyuzi hubeba kinyume cha mchanganyiko huo, ili matabaka yakiunganishwa mpaka uwe mkali tena. Mhariri akipaka weupe safi kwenye tabaka la rangi mpaka mpakani, kinyume hicho hukosa wa kukisawazisha, na mstari huzungukwa na utepe ung'aao. Utepe huo ni dalili ya uhakika kwamba tabaka la rangi limebadilishwa mahali ambapo halikupaswa kubadilishwa.

Kichujio kinachohifadhi mipaka, kama kile cha pande mbili kilichoelezwa na Tomasi na Manduchi mwaka 1998, hupunguza tatizo hili kwa kutochanganya pikseli zinazotofautiana sana. Lakini kichujio hicho hutazama pia tofauti kati ya kilele na bonde la uzi, na kikiwekwa vibaya huziacha nyuzi katika tabaka la rangi. Katika ukanda wa milimita moja au mbili kuzunguka mpaka, ni busara kuuacha utenganishaji kabisa. Mstari wa kikoi hujirudia bila kubadilika kwa urefu wake wote. Sehemu safi ya mstari uleule, iliyo mbele kidogo, inaweza kunakiliwa ikiwa nzima, rangi na nyuzi kwa pamoja, kwa kufuata mpangilio ulioelezwa hapo juu.

7.0 Ukaguzi na Mipaka ya Mbinu

Ukaguzi wa kwanza ni wa namba. Mkengeuko sanifu wa tabaka la nyuzi hupimwa ndani ya eneo lililorekebishwa na katika eneo safi lililo karibu na lenye mwanga sawa. Namba hizo zikikaribiana, umbile limehifadhiwa. Ikiwa ya ndani ni ndogo kwa kiasi kikubwa, ama mgawanyo wa kutoa ulitumika, ama brashi laini ilifuta nyuzi. Ikiwa ni kubwa, kelele zimepandishwa. Ukaguzi wa pili ni wa ramani ya uwiano wa buluu kwa nyekundu, ikitazamwa kwa `Curves` yenye mwinuko mkali: doa lililobaki huonekana humo hata pale jicho linaposhindwa kuliona kwenye picha ya kawaida. Mwishowe picha hupunguzwa hadi robo na kutazamwa kwa mbali, kwa kuwa kiraka chenye wastani tofauti kidogo hujionyesha zaidi kwa udogo kuliko kwa ukubwa.

Mbinu hii hutegemea kwamba doa limepunguza mwanga bila kuubadilisha uso wa pamba, na si madoa yote yana tabia hiyo. Mafuta hujaza hewa iliyo kati ya nyuzinyuzi. Kwa kuwa mafuta hupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribia cha selulosi, mwanga hautawanyiki tena kama mwanzo, na kitambaa hugeuka kuwa chenye kupenyeka na mwanga. Mikondo yote mitatu hupungua karibu sawasawa, hivyo uwiano wa rangi haulitambui doa, na nyuzi zenyewe hupoteza vilele vyake. Hapo kugawanya hakutoshi. Umbile ni lazima liazimwe kwingine, na kazi inakuwa ya kubuni zaidi kuliko ya kurejesha. Mahali palipoungua kwa pasi pana shida hiyohiyo kwa sababu nyuzinyuzi zimeharibika. Vilevile, picha iliyopigwa kwa mwanga mwingi kupita kiasi, ambayo weupe wa kikoi umegota kwenye thamani ya juu kabisa, haina tena uwiano wa kweli katika mkondo wa nyekundu, na hesabu ya sehemu ya 4.0 hutoa jibu lisilo na maana. Kwa vitambaa vyeupe, ni salama zaidi kupiga picha yenye giza kidogo.

Lipo pia suala la mahali ambapo mbinu haipaswi kutumika ingawa inawezekana. Katika picha ya kumbukumbu ya nguo ya kale, doa ni sehemu ya taarifa: rangi yake, upana wa pete yake na nyuzi ilizozifuata huweza kumweleza mtafiti kilichomwagika na nguo ilivyokuwa imekunjwa siku hiyo. Kwa picha ya aina hiyo, tabaka `d` lenyewe, ambalo ni ramani ya doa iliyotenganishwa na vivuli na nyuzi, huwa na thamani kubwa kuliko picha iliyosafishwa, na linafaa kuhifadhiwa kama faili ya pekee kando ya picha ya asili isiyoguswa.